Nyanya Kumi za Karatu: Mtoto Ameshindwa Hesabu au Ameshindwa Sentensi?

Mtoto wa darasa la pili au la tatu anapokosa fumbo la hesabu, tuna desturi ya kuandika kosa hilo kwenye safu ya Hisabati. Ninadai kuwa katika wilaya kama Karatu na Ngorongoro, makosa mengi yameandikwa kwenye safu isiyo yake.

Tuangalie fumbo la aina ambayo walimu wetu hulitunga kila wiki, kwa nia njema kabisa ya kutumia mazingira ya mtoto:

"Mama Neema aliyekwenda sokoni Karatu siku ya mnada alinunua mafungu matatu ya nyanya yaliyokuwa na nyanya nne kila moja. Aliporudi nyumbani aligundua kuwa nyanya mbili zilikuwa zimeoza. Je, alibakiwa na nyanya ngapi nzuri?"

Hesabu yenyewe ni nyepesi: mafungu 3 mara nyanya 4 ni 12, toa 2, jibu 10. Mzigo uko kwenye maneno 33. Tena Kiswahili hakipimwi kwa idadi ya maneno tu. Neno "aliyekwenda" lina ndani yake mtendaji, wakati uliopita, urejeshi na kitenzi. Ni sentensi nzima iliyofungwa kwenye neno moja. "Yaliyokuwa" linamtaka msomaji akumbuke kuwa linarudi kwenye mafungu, wala si kwenye nyanya. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kiiraki, Kidatoga, Kihadza au Kimaasai, na ambaye bado anasoma silabi kwa silabi, anapofika kwenye neno "alibakiwa" amekwisha kusahau kuwa mafungu yalikuwa matatu.

Sasa tuliandike upya:

"Mama ana mafungu 3 ya nyanya. Kila fungu lina nyanya 4. Nyanya 2 zimeoza. Nyanya nzuri ni ngapi?"

Maneno yamekuwa 18, tukihesabu na tarakimu. Hakuna urejeshi. Kila sentensi ina jambo moja, na mambo yamepangwa kwa utaratibu ambao mtoto atayatenda. Mnada umeondoka, Neema ameondoka, safari ya kurudi nyumbani imeondoka, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohesabiwa. Hatua mbili za kufikiri, kuzidisha kisha kutoa, zimebaki kama zilivyokuwa.

Mtu atauliza: tutajuaje kuwa tatizo lilikuwa lugha, na siyo hesabu? Majibu ya makosa yenyewe husema. Aliyeandika 9 amekusanya tarakimu zote alizoziona, 3 na 4 na 2, akazijumlisha. Huyo hakusoma fumbo, alivuna namba. Aliyeandika 5 amejumlisha 3 na 4, kisha akatoa 2. Ameelewa kuoza, lakini "kila" limempita. Aliyeandika 12 ameelewa mafungu vizuri, akaishia njiani. Hao ni watoto watatu wenye mahitaji matatu tofauti, na alama ya mkasi inawafanya wafanane.

Kuna utaratibu unaojulikana kwa wanafunzi wa ualimu, uliopendekezwa na Anne Newman wa Australia mwaka 1977. Mwalimu hamuulizi mtoto kwa nini amekosa. Humwambia: nisomee swali, niambie linauliza nini, utafanyaje, haya, fanya, sasa andika jibu. Pale mtoto anapokwama ndipo palipo na kosa. Kwa mazingira yetu ningeongeza hatua mbili. Kwanza, mwalimu amsomee mtoto fumbo kwa sauti. Akijibu sawa, kilichomshinda ni kusoma. Pili, kama bado, asimuliwe fumbo hilohilo kwa lugha ya nyumbani kwao, hata kwa msaada wa mwanafunzi mwenzake. Akijibu sawa, kilichomshinda ni Kiswahili. Akishindwa hata pale anapopewa punje 12 za mahindi azipange mafungu, hapo ndipo tuna haki ya kusema hesabu imemshinda.

Nimesikia hoja kuwa kupunguza maneno ni kuwadekeza watoto. Siikubali. Chukua fumbo hili: "Mama ameuza mayai 6. Yamebaki mayai 4. Mwanzo alikuwa na mayai mangapi?" Kila sentensi ni fupi, hata hivyo fumbo ni gumu kuliko la nyanya, kwa kuwa mtoto aliyekaririshwa kuwa "kubaki maana yake kutoa" ataandika 2. Jibu ni 10. Ukaririshaji huo wa neno la kuashiria, ambao umeenea mno katika madarasa yetu, ni njia ya mtoto kukwepa kusoma, na huzaliwa palepale maandishi yanapomzidi nguvu.

Maneno machache yanaweza pia kuwa maneno mabaya. Mwaka 1983 mtafiti Tom Hudson alichapisha matokeo ya kuwaonyesha watoto wadogo wa Marekani picha za ndege na funza. Alipouliza ndege wamezidi funza kwa wangapi, asilimia 64 ya watoto wa darasa la kwanza walijibu sawa. Alipouliza ndege wangapi watakosa funza, walijibu sawa wote. Picha ni ileile na tofauti inayotafutwa ni ileile. Kwa Kiswahili, "zidi kwa" ni mtego wa namna hiyohiyo. "Watoto ni 7. Vikombe vya chai ni 5. Watoto wangapi watakosa kikombe?" ni swali ambalo mtoto wa Karatu amelishuhudia nyumbani asubuhi. Aanze hapo, "zidi kwa" lifundishwe baadaye, likiwa msamiati.

Hapa linakuja suala la mazingira, ambalo watungaji wa vitabu hulichukulia kijuujuu. Mtoto wa Mang'ola anajua vitunguu na magunia. Ukivuka lango la Loduare na kuingia Hifadhi ya Ngorongoro, kilimo kimekatazwa; unga hununuliwa, na fumbo la shamba la mahindi ni habari ya kusimuliwa. Utasema tuweke ng'ombe basi. Polepole: miongoni mwa Wamaasai wengi kutaja idadi ya mifugo au ya watoto hakupendezi, na mchungaji hutambua ng'ombe aliyekosekana kwa rangi na pembe zake, bila kuhesabu. Ndoo za maji, vikombe na shanga ni salama zaidi.

Soko nalo lina tatizo lake. Bei za kweli ni za mamia na maelfu, ilhali mtoto wa darasa la kwanza bado yuko kwenye makumi. Ndiyo maana vitabu hutunga chungwa la shilingi 5, bei ambayo mtoto hajawahi kuisikia. Afadhali ahesabu sarafu: "Fungu moja ni sarafu 5 za mia. Mama ana sarafu 8. Zitabaki ngapi?" Bei ni ya sokoni, na namba ni za darasani.

Mafumbo ya namna hii hayahitaji kusubiri kitabu kipya kutoka Dar es Salaam. Maofisa elimu kata wa wilaya hizi mbili wanaweza kuwakutanisha walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu kwa siku moja, kila mmoja aje na mafumbo kumi ya mtihani wake uliopita, wakayaandike upya na kuyajaribu kwa watoto wiki inayofuata, toleo la zamani kwa nusu ya darasa na jipya kwa nusu nyingine. Na mtoto mmoja akijibu nyanya 11 badala ya 10, mwalimu amuulize kabla ya kumkosoa: huenda ameongeza ile moja ambayo muuzaji humpa mama yake kama nyongeza.