Kushinda Mara Tisa Katika Kumi Si Ushahidi wa Chochote

Wiki iliyopita nilitumiwa sauti ya WhatsApp ya mwalimu mmoja wa biashara za mtandaoni. Anawaambia wanafunzi wake kwamba anayenunua opsheni anacheza kamari, ila anayeuza ndiye mwenye jumba la kamari. Yeye huuza kila mwezi, hushinda mara tisa katika kumi, na fedha hiyo anaiita mshahara. Nimeisikiliza sauti hiyo mpaka mwisho na imeniudhi, kwa sababu takwimu zake ni za kweli lakini fundisho analolitoa humo ni la hatari.

Ukweli wenyewe ni huu. Soko la CBOE la Chicago hukokotoa kipimo kiitwacho VIX kutokana na bei za opsheni za faharisi ya hisa ya S&P 500. Kipimo hicho huonyesha wanunuzi wa opsheni wanalipia mtikisiko wa kiasi gani kwa siku 30 zijazo, ukihesabiwa kwa asilimia za mwaka. Tangu 1990 wastani wake umekuwa takriban 19 au 20, ilhali mtikisiko uliotokea kweli umekuwa na wastani wa 15 au 16 hivi. Pengo hilo limedumu miongo mitatu, na humwendea muuzaji. Wataalamu huliita malipo ya ziada ya varianzi. Lipo, na sina ugomvi na yeyote anayesema lipo.

Ugomvi wangu ni na imani kwamba, kwa kuwa fedha huingia mwezi baada ya mwezi, basi kazi yenyewe ni salama. Imani hiyo imeenea kwa wanafunzi wa mtandaoni na imeenea vilevile kwa mameneja wa mifuko ya pensheni wenye shahada za uzamili. Wote hawajiulizi fedha hiyo inalipia nini. Hakuna mtu anayekupa asilimia nne za ziada kwa kuwa una sura nzuri. Anakulipa ili siku soko litakapoporomoka hasara iwe yako na si yake. Opsheni hupanda bei kwa kasi wakati ule ule ambapo hisa zinaanguka, ajira zinapotea na mikopo inakauka. Bima inayolipa katika saa kama hiyo ina thamani kubwa kuliko wastani wake, na ndiyo maana watu wako tayari kuinunua kwa bei ya juu. Kwa hiyo mapato na maangamizi vinatoka katika mkataba mmoja. Huwezi kuuita upande mmoja mshahara na mwingine ajali.

Tazama jinsi varianzi inavyohesabiwa. Unachukua mabadiliko ya faharisi ya kila siku kwa asilimia, unayazidisha kwa yenyewe, kisha unajumlisha. Siku ya asilimia 1 ina pointi 1. Mwaka wa soko una siku 252, hivyo faharisi ikisogea asilimia 1 kila siku, mwaka mzima unakuwa na pointi 252. Kipeuo cha pili cha 252 ni karibu 16, yaani mtikisiko ule ule wa kawaida nilioutaja. Sasa njoo Machi 16, 2020, wakati hofu ya korona ilipotanda, S&P 500 ikaanguka karibu asilimia 12 kwa siku moja. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Siku moja ilibeba zaidi ya nusu ya varianzi ya mwaka mzima wa kawaida, na VIX ilifunga siku hiyo ikiwa 82.69.

Ningependa kila anayefundisha kuuza opsheni aandike hesabu hiyo ubaoni kabla ya kupokea ada. Muuzaji hukusanya pointi mojamoja na hulipa kwa mraba. Ndiyo maana anaweza kushinda miezi tisa katika kumi, au hata kumi na tisa katika ishirini, na bado akafilisika. Idadi ya miezi aliyoshinda haisemi lolote kuhusu ukubwa wa mwezi atakaoshindwa.

Tuweke fedha mezani. Tuseme hisa za mfuko unaofuata faharisi zinauzwa dola 400 kila moja. Unauza opsheni ya mwezi mmoja inayompa mnunuzi haki ya kukuuzia hisa 100 kwa dola 380 kila moja, naye anakulipa dola 3 kwa hisa, jumla dola 300. Bei ikiisha mwezi ikiwa juu ya 380, opsheni inakufa na dola 300 zote ni zako. Miezi mingi itakuwa hivyo. Mwezi mmoja bei inaanguka kwa asilimia 20 hadi 320. Unalazimika kununua kwa 380 kitu chenye thamani ya 320, hasara ya dola 6,000, na ukitoa zile 300 inabaki 5,700. Hayo ni mapato ya miezi kumi na tisa yaliyoondoka kwa mwezi mmoja. Kuanguka kwa asilimia 20 si hadithi ya kubuni: kati ya Februari 19 na Machi 23, 2020, S&P 500 ilipoteza karibu asilimia 34.

Hapo mwalimu wetu ana jibu lake: "Mimi huweka oda ya kutokea. Bei ikinigeukia natoka mapema." Jibu hili halistahili heshima. Oda ya kutokea ni ombi la kununua tena opsheni uliyoiuza, na ombi linahitaji mtu wa kukuuzia. Siku soko linapoporomoka kila muuzaji anatafuta kutoka kupitia mlango ule ule, na wanaobaki kuuza hupandisha bei wapendavyo. Wakati huohuo dalali wako anakupandishia dhamana, na usipoiongeza anakufungia biashara kwa bei ya saa hiyo, hata kama faharisi itapanda wiki ijayo.

Asiyeamini aisome vizuri Februari 5, 2018. Kulikuwa na hati iliyoitwa XIV, iliyotolewa na benki ya Credit Suisse, ambayo iliwapa watu wa kawaida nafasi ya kuuza mtikisiko kwa kubonyeza simu tu. Thamani yake ilikwenda kinyume cha mikataba ya baadaye ya VIX. Mwaka 2017 soko lilikuwa tulivu kupindukia, hadi VIX ikafunga kwa 9.14 mwezi Novemba, na XIV ikapanda thamani zaidi ya mara mbili. Watu waliweka humo akiba zao. Waraka wa hati yenyewe ulieleza kwamba thamani inayotarajiwa kwa muda mrefu ni sifuri, na kwamba benki ingeweza kuifunga ikianguka asilimia 80 kwa siku moja. Waliouheshimu waraka huo walikuwa wachache.

Jumatatu hiyo S&P 500 ilishuka asilimia 4.1. Ni siku mbaya, lakini kuna nyingi mbaya zaidi yake katika historia. VIX ilitoka 17.31 ikafunga 37.32. Ili kubaki na uwiano wake, XIV ilipaswa kila mwisho wa siku kununua mikataba ya VIX kadiri ilivyopanda bei. Hati nyingine za aina hiyo zilipaswa kufanya vivyo hivyo, upande uleule, dakika zilezile, kabla mikataba haijapangiwa bei ya mwisho saa kumi na robo jioni kwa saa za New York. Ununuzi wao ukapandisha bei, bei ikadai ununuzi zaidi. XIV ilifunga soko la mchana kwa dola 99. Huku kwetu ilikuwa inaingia saa saba usiku wakati wamiliki wake walipoona kwenye skrini kwamba thamani halisi imebaki dola 4 na senti chache. Hakuna oda ya kutokea iliyoweza kumwokoa mtu kati ya 99 na 4. Benki iliifunga hati hiyo mwezi huohuo.

Kuna wanaosema hayo ni ya wanagenzi, wataalamu hujikinga. Kinga inajulikana: unauza opsheni ya 380 na kwa sehemu ya fedha unanunua nyingine ya chini zaidi, tuseme ya 350, ili hasara yako ikome pale. Ni njia sahihi. Lakini fanya hivyo uone mapato yako yanavyopungua. Kinga hiyo inakula sehemu ya dola 300, na kadiri unavyoisogeza karibu ndivyo inavyokula zaidi. Hii ndiyo hoja yangu ikijithibitisha kwa shilingi na senti: sehemu nono ya mapato ilikuwa malipo ya kubeba maangamizi, na ukikataa kuyabeba nayo inaondoka.

Mameneja wa mifuko ya Structured Alpha ya kampuni tanzu ya Allianz nchini Marekani waliijua hoja hiyo vizuri. Waliwaahidi wateja kinga iliyo karibu, kisha wakanunua ya mbali na ya bei rahisi ili faida ionekane nono, na taarifa za hatari wakazichezea. Machi 2020 ilipofika, wawekezaji walipoteza zaidi ya dola bilioni 5. Fedha hizo zilikuwa za pensheni za walimu wa Arkansas, vibarua wa Alaska, madereva wa mabasi na treni wa New York. Mwaka 2022 kampuni hiyo tanzu ilikiri kosa la udanganyifu mahakamani. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa walioonja janga ni watu ambao hawakujua hata opsheni ni nini.

Na nitasema hili kwa kuwa limenikaa rohoni muda mrefu: mfumo wa kuwalipa mameneja asilimia ya faida ya kila mwaka unazaa ulaghai huu. Meneja anachukua chake katika miaka mitano mizuri, na mwaka wa sita hasara inabaki kwa mteja. Walimu wa mtandaoni ni hivyo hivyo. Picha zao za skrini huonyesha miezi ya kijani tu, na ada ya mafunzo hulipwa kabla.

Anayetaka kuuza opsheni auze, mradi kiasi anachouza kikokotolewe kutokana na siku ya asilimia 12 na si kutokana na mwezi wa kawaida. Kama akaunti yako haiwezi kuhimili siku hiyo na kubaki wazi asubuhi yake, umeuza kingi mno, hata kama umeshinda miaka mitatu mfululizo. Na mtu akikuonyesha miezi aliyoshinda, mwambie akuonyeshe kwa maandishi angedaiwa kiasi gani Machi 16, 2020. Akishindwa kulijibu hilo, usimpe hata senti.