Tovuti ya habari za Uvira ipimwe kwa mtandao wa Kilibula

Mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira mwezi Aprili 2020, habari iliyohitajika ilikuwa ya maneno machache: wapi pamekatika, wapi pa kukimbilia. Leo mkaaji wa Kilibula akitafuta habari kama hiyo kwa simu, mara nyingi anatazama kioo cheupe. Watengenezaji wa tovuti hujibu kwamba wamepima na alama ni za kijani. Swali langu ni moja: mlipima kwa mtandao gani?

Chombo cha Lighthouse, kinachotumiwa sana, hukadiria kwamba ujumbe wa simu huenda kwa seva na kurudi kwa milisekunde 150. Kwenye mtandao dhaifu wa 3G, safari hiyo hiyo inaweza kuchukua 400. Tofauti inaonekana ndogo, lakini hesabu safari zenyewe. Simu inauliza anwani ya seva, inafungua njia, inakubaliana nayo funguo za usalama, halafu ndipo inaomba ukurasa. Ni safari nne. Kama faili la CSS, lile la kupanga rangi na herufi, limewekwa kwenye seva nyingine, safari nne zinaanza upya, na kivinjari hakichori kitu mpaka lifike.

Safari nane kwa milisekunde 150 ni sekunde 1.2. Kwa 400 ni sekunde 3.2, kabla hata ya kuhesabu muda wa kupakua. Gugo inaita kipimo cha First Contentful Paint kizuri kikiwa hadi sekunde 1.8, na kibaya kikipita 3. Ukurasa ni ule ule. Ofisini umefaulu, Kilibula umeanguka. Kununua mega nyingi hakusaidii hapa, maana kinachochelewa ni safari, siyo uzito. Dawa ni kuandika ile CSS ya lazima ndani ya ukurasa wenyewe, na safari nne za pili zinaondoka.

Kuna mtego mwingine. Kipimo hicho huhesabu maandishi au picha yoyote ya kwanza kuchorwa, hata nembo au kile kiduara kinachozunguka kikiwa ni picha. Nimeona kurasa zenye namba nzuri huku kichwa cha habari kikija sekunde nyingi baadaye. Kiduara hakimwambii mtu kama daraja limekatika.

Kwa hiyo anayelipia tovuti asikubali kuletewa namba peke yake. Aombe jaribio la WebPageTest kwa hali ya 3G dhaifu: kilobiti 400 kwa sekunde, milisekunde 400. Chombo hicho kinatoa picha za kioo, moja baada ya nyingine. Atafute ile ya kwanza yenye kichwa cha habari kinachosomeka, kisha aangalie sekunde zilizoandikwa juu yake.