Bi harusi, soma kifungu cha kujitoa kabla hujaweka saini



Mwezi uliopita alikuja kwangu bi harusi kuchukua nguo zake, uso umemshuka. Anaolewa Pemba, kwa hiyo anahama Unguja na anatoka kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Alitegemea kuondoka na akiba yake yote, laki nne na nusu. Akaambiwa kwa siku ile atapata shilingi 12,000. Alidhani kadhulumiwa. Hakudhulumiwa, alikuwa hajaisoma katiba aliyoiwekea saini.

Twende naye taratibu. Hisa moja kwetu ni 5,000, na kila wiki mtu hununua kuanzia moja mpaka tano. Yeye alinunua tatu kwa wiki 30, ndiyo hiyo 450,000. Wiki ya 20, akiba yake ikiwa 300,000, alikopa 600,000 za vyombo. Katiba inaruhusu hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo angeweza kuomba hata 900,000. Hapa wengi wetu tunajidanganya kuwa mara tatu ni haki yako. Hesabu mwenyewe: wanawake 20 wenye laki moja moja wana milioni mbili sandukuni. Wote wakidai mara tatu, zinatakiwa milioni sita. Zitoke wapi? Mara tatu ni mwisho wa kuomba, na unachopewa kinategemea kilichomo sandukuni siku ile na nani yuko mbele yako kwenye foleni. Usimuahidi fundi wala mpishi wa harusi kwa pesa ambayo kikundi hakijaipitisha.

Turudi kwa bi harusi wetu. Alisharejesha 350,000, akabakiza deni la 250,000. Faini zake za kuchelewa na kukosa vikao zilifika 8,000. Toa zote kwenye akiba, inabaki 192,000. Mpaka hapo alikubali. Kilichomliza ni udhamini. Alimdhamini shoga yake mkopo, na shoga yule bado anadaiwa 180,000. Katiba yetu inasema mdhamini anayejitoa huzuiliwa kiasi kile kile mpaka deni limalizike au apatikane mdhamini mwingine anayekubaliwa na kikao. Ndipo ikabaki 12,000.

Kwa maoni yangu kifungu hiki ni cha haki, maana bila yake akina mama waliobaki wangemlipia mtu aliyemdhamini yeye. Lakini kinatakiwa kisomwe kwa sauti siku ya kuweka saini ya udhamini, si siku ya kuaga. Sisi viongozi tulikosea hapo, na nimelisema kikaoni.

Jambo jingine la kutazama ni ziada. Vikundi vingi hutoza riba ya kila mwezi juu ya mkopo, kisha mwisho wa mzunguko hugawana faida kwa hisa, na anayejitoa katikati mara nyingi hurudishiwa akiba yake tu. Sisi tumeiacha riba. Unakopa 600,000, unarejesha 600,000, na gharama ya daftari ni ile ile kwa mkopo mdogo na mkubwa. Faini nazo hatugawani. Zinaingia mfuko wa jamii, wa wagonjwa na misiba. Kama faini ya kuchelewesha mkopo ingerudi mifukoni mwetu, ingekuwa riba ile ile imebadilishwa jina. Ukikuta katiba imeandika "ada ya huduma" asilimia kadhaa kwa mwezi, uliza asilimia ya nini, na inakwenda wapi. Muulize na sheikh unayemuamini.

Kwa hiyo wewe unayeposwa na unajua utahama, fanya haya mapema. Taarifa ya kujitoa kwetu ni siku 30 kwa maandishi, na hulipwa sandukuni kukiwa na pesa, kwa hiyo ukiitoa wiki ya harusi usitegemee kuitumia kwa harusi. Acha kudhamini mtu tangu siku mahari inapozungumzwa. Daftari lako la hisa lilinganishe na daftari la katibu kila kikao, mihuri kwa mihuri, kwani siku ya kutoka hilo ndilo ushahidi wako. Na uliza ukifa kabla ya mzunguko kuisha akiba inakwenda kwa nani. Ile ni mali ya mirathi, si ya yule mliyemuandika tu kama mpokeaji.

Bi harusi wetu alipata mdhamini wa kumpokea, mama mkwe wa yule shoga, baada ya wiki mbili. Ile 180,000 tulimtumia Pemba kwa simu, makato ya kutuma akalipa yeye, maana nayo imo kwenye katiba.