Slaidi za Mafunzo ya Afya na Wenye Macho Hafifu

Siku hizi mafunzo mengi ya afya katika kumbi za parokia hayaendeshwi tena kwa ubao na chaki. Mwezeshaji huja na kompyuta yake na projekta, ukuta hugeuzwa kuwa skrini, na maelezo hutokea mbele ya watu kwa rangi za kupendeza. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Ugomvi wetu ni kwamba slaidi nyingi hutengenezwa na mtu mwenye macho mazuri, aliyekaa nusu mita kutoka kwenye kompyuta, na wala hajiulizi kama mzee wa benchi la nyuma ataambulia chochote.

Tuchukue slaidi moja tunayoifahamu vizuri, ile inayowafundisha wahudumu wa afya wa kujitolea namna ya kusoma utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Utepe huo huzungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59. Ukisoma chini ya milimita 115, mtoto ana utapiamlo mkali, na sehemu hiyo ya utepe ni nyekundu. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano, maana yake utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 125 kwenda juu ni kijani. (Mtoto aliyevimba miguu yote miwili apelekwe hospitali hata kama utepe unaonyesha kijani. Hilo tunalirudia kila mara kwa sababu husahaulika.)

Katika semina moja tuliyohudhuria, slaidi ya somo hilo ilikuwa na mistari mitatu juu ya ukuta mweupe. Wa kwanza uliandikwa kwa wino mwekundu: "Apelekwe hospitali mara moja." Wa pili kwa njano: "Aletwe kliniki kwa ushauri na ufuatiliaji." Wa tatu kwa kijani: "Aendelee kulishwa vizuri nyumbani." Neno nyekundu, njano au kijani halikuandikwa popote, wala tarakimu hazikuwapo. Rangi ya maandishi ndiyo peke yake iliyobeba ujumbe. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Samahani sista, kati ya mstari wa juu na wa chini mbona pameachwa wazi?" Watu wakacheka. Lakini mzee hakuwa anafanya mzaha, kwani alikuwa na mtoto wa jicho, na kwake mstari wa njano haukuwapo.

Sababu yake ni hii. Jicho husoma herufi kwa sababu ya tofauti ya mwanga kati ya herufi na mahali ilipoandikwa. Rangi yenyewe husaidia kidogo tu. Wataalamu wa kompyuta hupima tofauti hiyo kwa kipimo kinachoanzia 1, pasipo na tofauti yoyote, hadi 21, ambayo ni nyeusi juu ya nyeupe. Mwongozo wa kimataifa unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa maandishi makubwa. Njano kali juu ya nyeupe haifiki hata 1.1. Mwenye macho mazuri huipapasa akaisoma, lakini lenzi ya jicho iliyoingia ukungu hutawanya mwanga, na ile tofauti ndogo humezwa yote.

Ukutani mambo huwa mabaya zaidi kuliko kwenye kompyuta, na hapa ndipo wawezeshaji wengi wanapodanganyika. Projekta haiwezi kutupa weusi. Inachoweza ni kutotupa mwanga, na pale inaponyamaza hubaki mwanga wa madirisha uliopo ukutani. Tuseme mwanga huo wa mchana ni robo ya mwanga mweupe wa projekta. Nyeusi juu ya nyeupe, iliyokuwa 21, hushuka hadi 5 hivi. Nyekundu iliyong'aa, iliyokuwa 4 kwenye kompyuta, hushuka chini ya 3. Kwa hiyo mwezeshaji anayesema "mbona kwangu inasomeka" anasema kweli, ila anaongea habari za kompyuta yake.

Sasa tumfikirie mhudumu mwingine, kijana mwenye macho yanayoona mbali bila shida, ila amezaliwa na upofu wa rangi. Hali hiyo hurithiwa kupitia kwa mama na huwapata zaidi wanaume. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni karibu 8 kwa kila 100. Katika Afrika uchunguzi mwingi umekuta ni wachache kuliko hao, lakini wapo, na wengi wao hawajijui. Si kwamba wanaona dunia nyeusi na nyeupe. Walio wengi huona buluu na njano vizuri, ila nyekundu, kijani na kahawia huwachanganya.

Kijana huyo ataisoma slaidi yetu neno kwa neno. Lakini ile nyekundu ya kawaida ya kompyuta na ile kijani iliyokoza zinakaribiana mno kwa mwanga, kwani tofauti yake haifiki 1.3. Kwake mstari wa juu na wa chini unaweza kuwa na rangi moja ya udongo. Atatoka semina akijua kwamba kuna watoto wa kupelekwa hospitali mara moja na kuna watoto wa kubaki nyumbani, bila kujua slaidi ilimaanisha sehemu ipi ya utepe. Huyo ndiye atakayeshika utepe kijijini. Akikosea, anayeumia ni mtoto ambaye hata hakuwamo ukumbini.

Tungeitengeneza vipi slaidi hiyo? Maandishi yote yangekuwa meusi juu ya nyeupe. Kila mstari ungeanza na jina la rangi na tarakimu yake: "NYEKUNDU, chini ya 115: hospitali leo." Chini yake "NJANO, 115 hadi chini ya 125: kliniki," na "KIJANI, 125 na zaidi: nyumbani." Rangi hatuitupi, maana wenye kuiona huikumbuka haraka. Tungeiweka kama kipande kipana kushoto kwa kila mstari, kimezungushiwa mstari mweusi ili hata cha njano kionekane mwisho wake. Mpangilio ungefuata ule wa utepe wenyewe, tarakimu ndogo kwanza, ili asiyeona rangi ashike mahali na namba. Utepe mzuri una milimita zilizochapishwa, nazo husomwa na yeyote aonaye maandishi.

Kila mstari uanzie mahali pamoja upande wa kushoto. Mtu mwenye ugonjwa wa shinikizo la macho huweza kuwa anaona kama kupitia tundu la bomba. Akimaliza mstari hulitafuta tundu la kuanzia linalofuata, na maandishi yaliyowekwa katikati, kila mstari na mwanzo wake, humpoteza. Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi michoro ya ukuaji wa watoto yenye mistari ya rangi tano na kisanduku cha maelezo kwenye kona. Jina la kila mstari liandikwe mwishoni mwa mstari wenyewe. Na sehemu ya chini kabisa ya slaidi iachwe wazi, maana huko ni vichwa vya walioketi mbele.

Juu ya ukubwa wa herufi, tuna kipimo kisichohitaji chombo. Tuseme picha ukutani ina kimo cha mita 1.5 na benchi la nyuma liko mita 12, yaani umbali ni mara 8 ya kimo cha picha. Kompyuta ndogo ya kawaida ina picha yenye kimo cha sentimita 19 hivi. Mara 8 yake ni mita 1.5. Ukisimama hapo, unaiona slaidi kwa ukubwa ule ule anaouona mtu wa nyuma. Lakini wewe una macho mazuri. Mtu ambaye kwenye chati yetu ya macho tunamwandikia 6/18 anahitaji herufi kubwa mara tatu kuliko zako, kwa hiyo rudi nyuma mara tatu, mita 4.5, kama hatua sita. Usichoweza kukisoma hapo, yeye hatakisoma ukumbini. Utakuta kwamba herufi za ukubwa wa 24, ambazo wengi huziona kubwa mno, hazisomeki, na kwamba za 40 zinasomeka kwa shida. Hapo bado ni mpakani, ndiyo maana tunawaomba wenye macho hafifu wakae nusu ya mbele, ambako kila herufi huongezeka mara mbili.

Watatuambia kwamba kwa ukubwa huo slaidi haiingizi mistari zaidi ya sita au saba. Ni kweli, na kwetu hiyo ni faida. Mengine asemee mdomo. Tena asome kwa sauti kilichoandikwa, badala ya kusema "kama mnavyoona hapa", maneno ambayo hayamsaidii asiyeona.

Kuna wanaotetea maandishi meupe juu ya weusi. Wana hoja, kwa saa za usiku. Taa zikiwa zimezimwa, ukuta wote mweupe humuumiza macho mwenye mtoto wa jicho, na maandishi meupe mazito juu ya nyeusi humpa nafuu. Mchana, madirisha yakiwa wazi, weusi huo haupo, kwa hiyo hatuoni sababu ya kuhangaika nao. Tunachokikataa saa zote ni maandishi juu ya picha ya maua au mawingu, kwa kuwa mwanga wa picha hubadilika kila sentimita, na neno linaloanza vizuri huishia mahali peupe likapotea.

Kabla ya kwenda ukumbini, mwezeshaji aondoe rangi aone kinachobaki. Katika PowerPoint hufungua View kisha Grayscale, na slaidi zote huwa za kijivu bila kuharibika. Kama ile slaidi ya utepe bado inaeleweka, imefaulu sehemu kubwa. Ipo kasoro moja ya kipimo hiki. Baadhi ya wenye upofu wa rangi huona nyekundu ikiwa nyeusi zaidi kuliko kijivu kitakavyoonyesha, kwa hiyo maandishi mekundu juu ya nyeusi yanaweza kufaulu kwenye kompyuta na kutoweka machoni mwao. Hayo yasiandikwe kabisa. Na baada ya somo la utepe, kila mhudumu apewe utepe na asome namba kwa sauti mbele ya mkufunzi, na ambaye rangi zinamchanganya aruhusiwe kuendelea na kazi kwa kusoma milimita.