"Nitajitahidi" ya muuzaji wa China usiihesabu kama ndiyo

Wauzaji wenzangu mnaoagiza mzigo China kwa kuchati na kutafsiri kwa simu, hili lilinigharimu Januari 2025.

Nilikuwa na oda 40 za mikoba, wateja wameshalipa nusu. Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia tarehe 29, na kabla ya hapo viwanda vingi hufunga, wafanyakazi wanarudi makwao. Nikamuuliza muuzaji: mzigo utafika kwa ajenti wangu Guangzhou kabla ya tarehe 15? Tafsiri ikaniletea: "Nitajitahidi." Nikawatangazia wateja mzigo unatoka. Ulitoka mwishoni mwa Februari, na watu 11 niliwarudishia hela zao.

Nilipomlalamikia, alishangaa. Kwake yeye alikuwa ameshaniambia haiwezekani.

Tafsiri haikukosea. Alikuwa ameandika 尽量, yaani "kadiri itakavyowezekana". Ila kumkatalia mteja waziwazi kunamuaibisha, kwa hiyo wengi wao hukataa kwa maneno laini. Ukiomba punguzo unaletewa 再看看, "tutaona". Au 再说吧, "tutaongea baadaye", na hiyo baadaye kwa kawaida haiji. Mbona sisi tunaijua lugha hii? Mteja akikuandikia "nitakucheki mwisho wa mwezi dada", humwekei mkoba pembeni. Sasa kwa nini ya Mchina tuiamini, eti kwa kuwa simu imeileta kwa Kiswahili kilichonyooka?

Siku hizi naangalia kinachofuata baada ya neno hilo. Mwenye nia huongeza kitu: tarehe, idadi, au sharti kama "ukilipa leo, tarehe 12 zinatoka 25". "Nitajitahidi" ikija peke yake, au na kikatuni cha tabasamu, naihesabu hapana mpaka ithibitike vinginevyo. Si kila mara ni hapana, wapo wanaojitahidi kweli. Ndiyo maana nauliza tena, lakini swali la "utaweza?" nimeliacha, maana linamlazimisha akubali au aniaibishe. Namuuliza lile ambalo kukataa kwake hakuna aibu: "Kabla ya sikukuu mikoba mingapi inaweza kutoka, na iliyobaki itoke tarehe ngapi?" Halafu naomba picha ya kazi ilipofikia leo.

Maswali yenyewe naandika kwa sentensi fupi, jambo moja kila ujumbe. Ukirundika matatu pamoja, atajibu lile jepesi na wewe utadhani amekubali yote.

Mwaka huu nilimuuliza hivyo hivyo yule yule muuzaji. Akajibu: "Kabla ya sikukuu 15 tu. Zilizobaki baada ya likizo." Nikapokea malipo ya wateja 15, wengine nikawaambia wasubiri Machi.