Kabla ya kuikata hamdala, usome mstari

Siku hizi darsa za Ramadhani haziishii msikitini. Hupigwa picha, zikatiwa katika YouTube, na baada ya siku chache kamati hukaa ikalalamika kwamba watu hawazisikilizi hadi mwisho. Lawama ya kwanza huiangukia hamdala: eti ufunguzi ni mrefu, ukatwe. Hiyo si hukumu ya kutolewa kwa kukisia, maana ushahidi upo.

Katika YouTube Studio kila video ina mchoro wa mstari unaoonyesha, tangu mwanzo hadi mwisho, ni watazamaji wangapi katika kila mia wangali wapo. Kuteremka polepole ni kawaida; hapana darsa isiyopoteza mtu. Cha kutazamwa ni pale unapoporomoka, na maneno yaliyotangulia hapo.

Natuchukue mfano wa darsa ya dakika 12 juu ya zaka ya fedha. Tuseme sekunde 20 za kwanza ni nembo na kasida, 25 zinazofuata ni salamu na hamdala, kisha 40 za kuwashukuru wafadhili. Kwenye nembo mstari unashuka hadi 75, hamdala inaufikisha 71 tu, lakini shukrani zinauangusha hadi 42. Basi hamdala haina kosa. Nembo ndiyo ya kukatwa, na majina ya wafadhili yaandikwe chini ya video.

Dakika ya tano mstari unapanda, maana watu wanarudia. Wengi hufurahi wakiona kilima hicho. Mimi huingiwa na shaka. Hapo ustadhi alikuwa akieleza robo ya ushuri, yaani shilingi 2.50 katika kila 100, kwa mdomo tu. Huenda watu walipendezwa, huenda hawakufahamu, na mstari haujui kutofautisha. Aiandike hesabu ubaoni; kilima kikipungua katika darsa ijayo, tatizo lilikuwa ufahamu.

Pigo zito liko dakika ya tisa, ustadhi aliposema, "Kwa hayo machache..." Wasikilizaji wetu walijua darsa imekwisha, wakaondoka. Kumbe zilibaki dakika tatu, na ndani yake sharti la mali kutimiza mwaka! Wameondoka wakijua kiwango bila ya sharti, na huko nyumbani watawafundisha wengine vivyo hivyo. Sharti hilo lihamishwe kabla ya hesabu, na neno la kuaga lisitamkwe mpaka hapana lililosalia.

Lakini mchoro wa watazamaji wachache haufai kuaminiwa. Video ikiwa imetazamwa na watu 40, kila mmoja ni 2.5 katika mia. Wanne wakiitwa na adhana ya magharibi, mstari umekwisha kuanguka kwa 10, na ustadhi hana lolote la kuandika upya.