Mashimo matatu, waya mbili

Watu wangu wa Tongaren, na nyinyi wa bedsita za Kitale, asubuhi za huku ni baridi na karibu kila ploti kuna koili kwenye ndoo. Ugomvi wangu leo si na koili, ni na ile ekstenshen ya soo tatu mnayoichomekea. Mimi naona ekstenshen ya chaja na ya koili zingeuzwa rafu tofauti kabisa.

Anza na ile pini ndefu ya juu ya plagi. Kwenye chaja ya simu mara nyingi ni ya plastiki, na hapo sina shida: chaja imefunikwa plastiki yote, na pini hiyo iko tu kufungua vifuniko ndani ya soketi. Lakini ikiwa ya plastiki kwenye ekstenshen, ujue hakuna athi. Mashimo matatu unayaona, lakini ndani kuna waya mbili tu. La tatu ni pambo.

Sasa koili ipasuke ndani ya ndoo. Athi ikiwepo, stima inapitia huko kwa nguvu, fyuzi inaungua, unaoga na maji baridi ukilalamika. Isipokuwepo, maji yanakaa na stima yakingoja mkono wako. Ndiyo maana unazima ukutani na kuchomoa kabla hujagusa maji, hata kama ekstenshen ni nzuri. Na koili iliyokuja na pini mbili tu, hakuna ekstenshen itakayoiokoa.

Halafu kuna moto. Koili ya wati 2000 kwa volti 240 inavuta kama ampea 8.3. Chaja ya wati 20 haifiki hata ampea 0.1. Soma maandishi kwenye waya wenyewe: "2 x 0.75 mm²" ni waya mbili nyembamba, za kubeba kama ampea 6. Chaja, redio, taa, sawa. Koili inataka "3 x 1.25 mm²" au "3 x 1.5 mm²".

Mtu ataniambia plagi imeandikwa 13A na ina fyuzi. Eeh, lakini fyuzi ya 13 haioni ubaya wowote kwa ampea 8.3. Itatulia tu huku waya wa ampea 6 unapika, hasa ukiwa umeuviringisha chini ya kitanda. Shika waya baada ya dakika kumi: ukiwa moto, au plagi ikinuka plastiki, zima. Waya usio na maandishi yoyote mimi siununui, hata kwa chaja.

Kitu kimoja ekstenshen haiwezi kurekebisha ni ukuta. Kuna ploti ambazo soketi zake hazijawahi kuunganishwa athi, na hapo hata ekstenshen ya bei inabaki pambo. Fundi wa stima anapima kwa dakika chache. Nani atamlipa, hiyo ongea na landilodi.